‘Ilikubaliwa’ na nani, na kazi ni ya nani? Kutoka sauti ya simu hadi kumbukumbu za mkutano

Yeyote aliyepitia shule ya upili hapa Kenya anaijua sura ya kumbukumbu za mkutano. Kichwa kinataja kikundi, mahali, tarehe na saa. Hufuata waliohudhuria, waliokosa kwa udhuru na waliokosa bila udhuru. Kisha huja ajenda, na baada ya ajenda vifungu vyenye nambari: KUMB. 1, KUMB. 2, na kuendelea hadi kufungwa kwa mkutano na nafasi ya sahihi mbili. Mwanafunzi hufunzwa kuandika kwa wakati uliopita, kwa usemi wa taarifa, na kwa lugha isiyoegemea upande wowote. Akiyatimiza hayo, alama zake anazo.

Sina ugomvi na muundo huo. Ninachotaka kuhakiki leo ni lugha inayojazwa ndani yake, hasa siku hizi ambapo katibu hategemei tena kijitabu na kalamu, bali anaiweka simu mezani, anabonyeza kitufe cha kurekodi, na usiku anaisikiliza sauti akiandika. Mtu angetarajia kwamba kumbukumbu zinazotokana na sauti zingekuwa sahihi kuliko zile za zamani, kwa sababu kila neno limehifadhiwa. Katika kundi la kumbukumbu za vikundi vya miradi nilizozisoma hapa Kisii na Nyamira, mambo hayako hivyo. Nyingi zinasema ‘suala lilijadiliwa kwa kina’, ‘ilisisitizwa’, ‘wanachama walihimizwa’, ‘ilikubaliwa kwamba lifanywe’. Ukizimaliza hujui Jumatatu asubuhi ni nani anayepaswa kuamka na kwenda wapi.

Dai langu ni hili. Uamuzi ni wa wote, kazi ni ya mtu mmoja. Haya ni mambo mawili tofauti na sarufi ya Kiswahili inayapa maumbo mawili tofauti. Kumbukumbu zinazoyaandika yote kwa umbo moja huharibu la pili, hata kama kila neno lililomo lilitamkwa kweli.

Tuangalie mfano. Nimeutunga mwenyewe kutokana na mikutano ya aina hii niliyoisikiliza, ili nisimfichue mtu yeyote. Watu saba wana mradi wa kuilinda chemchemi katika kijiji kimoja kwenye miteremko ya Manga. Wanataka kujenga ukuta mdogo wa mawe na saruji nyuma ya jicho la maji, kutoa bomba mbele, na kuziba ua mifugo isiingie. Wamekutana Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, mvua za masika zikikaribia. Rekodi ina dakika 52. Hiki ni kipande cha dakika moja na nusu tu, nacho nimekiacha kama kinavyosikika, pamoja na Kiswahili chetu cha mitaani. Tarakimu za mwanzo ni dakika na sekunde.

31:05 Mwenyekiti: Haya, twende kwa saruji. Fundi, ulisema mifuko ngapi?

31:12 Fundi: Sita ama nane. Inategemea ukuta utakuwa mrefu aje.

31:20 Mwenyekiti: Basi tuseme nane, ikibaki inabaki. Kuna mwenye ako na neno? (Kimya, sekunde nne.) Haya. Twende kwa miti.

31:35 Fundi: Ile mikaratusi iko juu ya chemchemi ni lazima itolewe. Inakunywa maji yote.

31:48 Kijana: Lakini baba hajasema. Baba, hiyo nane uko sawa nayo?

31:55 Mama mzee: Yaya, yaya. Pesa ya nane hatuna.

32:02 Mweka hazina: Ni kweli, tuko na ya sita pekee.

32:08 Mwenyekiti: Sawa, basi tununue sita kwanza, fundi apime, halafu tuone.

32:16 Mweka hazina: Mimi nitanunua Ijumaa.

32:20 Fundi: Na mwenye shamba? Hiyo miti ni yake.

32:24 Mwenyekiti: Huyo ataonwa. Sasa Jumamosi hii tukutane hapo kwa chemchemi, saa tatu.

32:33 Kijana: Naini?

32:34 Mwenyekiti: Ee, naini.

Sasa tuchukulie kwamba katibu ni kijana mwenye bidii aliyekuja Kisii kwa masomo, na Ekegusii hakifahamu. Ameisikiliza rekodi mara moja huku akiandika, akasimamisha, akaandika tena. Alichokituma kwa wenzake ni hiki:

KUMB. 4/3/2025: SARUJI. Suala la saruji lilijadiliwa kwa kina. Ilikubaliwa kwamba mifuko minane inunuliwe.

KUMB. 5/3/2025: MITI. Ilisisitizwa kwamba mikaratusi iliyo karibu na chemchemi iondolewe. Baba mmoja alitaja suala la yaya lakini halikujadiliwa. Ilikubaliwa kwamba mwenye shamba aonwe.

KUMB. 6/3/2025: MKUTANO UJAO. Mkutano ujao utafanyika Jumamosi, saa 3:00.

Kiswahili ni safi. Mwalimu wa shule angempa alama nzuri. Lakini mweka hazina akizifuata kumbukumbu hizi atanunua saruji kwa deni, mwenye shamba hataonwa na mtu, na mgeni aliyezoea saa za Kiingereza atafika kwenye chemchemi saa tisa alasiri akute wenzake wamekwisha kurudi nyumbani. Hebu tufuatilie kosa moja baada ya jingine, kwa sababu kila moja lina chanzo chake.

La kwanza ni mifuko minane. Katibu aliposikia ‘Basi tuseme nane’, kisha kimya, kisha ‘Haya’, alidhani amesikia uamuzi. Na kwa kweli dalili zote zilikuwapo. Neno ‘basi’ katika mazungumzo yetu hutangaza hitimisho, na ‘haya’ hufunga mlango wa mada. Hata hivyo, kufunga mada si kukubaliana juu yake. Mwanafalsafa wa Uingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1955 na iliyochapishwa kama kitabu mwaka wa 1962, alituonyesha kwamba kusema ni kutenda: mtu anapotamka ‘naahidi’, haelezi ahadi, bali anaitoa. Aliongeza kwamba tendo la aina hiyo halitimii mpaka masharti yake yatimie. Tukimfuata, uamuzi wa kikao nao una masharti. Lazima pendekezo liwe limetamkwa kwa ukamilifu, wenye kupinga wawe wamepata nafasi ya kweli, na pasiwe na kauli ya baadaye inayolitengua.

Sekunde nne za kimya hazikutosha kuwa nafasi ya kweli. Katika vikao vyetu, mtu mzima, na hasa mama mbele ya mwenyekiti mwanamume, mara nyingi hatakurupuka kupinga. Atangoja aulizwe. Kijana alilijua hilo ndiyo maana akarudi nyuma kumuuliza, ingawa mwenyekiti alikuwa amekwisha kuhamia kwenye miti. Pingamizi la saruji kwa hiyo limekaa ndani ya mada ya miti, na katibu anayeandika huku akisikiliza hawezi kuliona, kwa sababu kifungu cha saruji amekwisha kukifunga kwa nukta.

Hapa ndipo nawasihi wanafunzi wangu wasiandike neno lolote la kumbukumbu katika usikilizaji wa kwanza. Sikiliza dakika zote 52, ukiwa na karatasi yenye safu mbili tu: muda na mada. Ukisikia mwenyekiti akianzisha mada, andika muda. Ukisikia mada ya zamani ikirudi, andika muda wake karibu na ile ya kwanza. Mwishoni utaona kwamba saruji imezungumzwa 31:05 na tena 31:48. Usikilizaji wa pili haufuati tena saa, unafuata mada: unacheza vipande vyote vya saruji kwa mfululizo, na uamuzi ni kile kilichosimama mwisho, si kile kilichotamkwa kwanza kwa sauti kubwa.

Utaratibu huu pia huokoa muda. Kuandika neno kwa neno saa moja ya mazungumzo ya watu wengi hudai takriban saa nne hadi sita za kazi, na zaidi pale lugha zinapochanganywa na watu wanaposemeana juu. Hakuna katibu wa kujitolea mwenye saa hizo, wala mradi hauzihitaji. Kinachohitaji kuandikwa neno kwa neno ni zile sekunde chache za kila mada ambamo uamuzi unafungwa. Katika mfano wetu ni 31:55 hadi 32:16, yaani sekunde ishirini na moja.

Bunge letu lenyewe linatufundisha tofauti hii. Tangu Kiswahili kiliporuhusiwa katika mijadala ya Bunge mwaka wa 1974, Hansadi imekuwa ikihifadhi hotuba za Kiswahili kama zilivyotolewa. Lakini Bunge haliishii kwenye Hansadi. Kuna waraka mwingine mfupi unaorekodi shughuli na maamuzi ya kila kikao: hoja gani iliwasilishwa, na ikapitishwa au ikaanguka. Anayetaka kujua nani alisema nini husoma Hansadi. Anayetaka kujua nini kiliamuliwa husoma ule mwingine. Kumbukumbu za kikundi cha mradi ni za aina hii ya pili, na simu iliyorekodi ndiyo Hansadi yake.

La pili ni ‘baba’ na ‘yaya’. Msomaji Mgusii amekwisha kucheka. Katika Ekegusii, ‘baba’ ni mama, na baba mzazi huitwa ‘tata’. ‘Yaya’ nalo ni ‘hapana’. Katibu wetu ameligeuza pingamizi zito la kifedha kuwa habari za mlezi wa watoto, na mama mzee akageuzwa mwanamume. Wanaisimu huita mchanganyiko wa aina hii kubadili msimbo, nao una mtego ambao vitabu havitaji sana: maneno yanayofanana sura katika lugha mbili na kutofautiana maana hayamstui msikilizaji. Neno geni kabisa lingemfanya asimame aulize. Neno analolijua, au anayedhani analijua, humpitisha bila breki.

Dawa yake si kumtafuta katibu anayejua kila lugha. Ni kujua kwamba watu hukimbilia lugha ya mama hasa wanapokataa, wanapokasirika na wanapotaja pesa. Basi kila mara lugha inapogeuka ndani ya rekodi, hapo pana jambo. Weka alama ya muda na umchezee mwenzako mwenye lugha hiyo sekunde kumi tu. Na ili sauti zisichanganywe, mkutano uanze kwa kila mmoja kutaja jina lake na wadhifa wake karibu na simu. Utambulisho huo wa dakika moja ndio ufunguo wa sauti zote zitakazofuata.

La tatu ndilo kiini cha makala haya: ‘aonwe’. Mwenyekiti alisema ‘huyo ataonwa’, na katibu akaandika ‘ilikubaliwa kwamba mwenye shamba aonwe’. Je, amekosea? Kwa maneno amekaribia sana. Lakini tazama vitenzi. ‘Ilikubaliwa’ iko katika kauli ya kutendwa, na kiambishi cha nafsi ni i- kisichomrejelea mtu. ‘Aonwe’ nayo ni ya kutendwa, tena katika dhamira tegemezi, ile ya matakwa inayoishia kwa -e. Anayetajwa na a- ni mwenye shamba, yule anayefanyiwa. Mfanyaji ametoweka mara mbili katika sentensi moja. Kila msomaji kati ya wale saba atakubali kwamba mwenye shamba aonwe, na kila mmoja atadhani mwingine ndiye anayekwenda.

Simaanishi kwamba kauli ya kutendwa ni ugonjwa. Kwa uamuzi inafaa sana. ‘Iliamuliwa’ inasema kwamba jambo ni la kikao chote, na kwamba hata mama aliyepinga minane na mwenyekiti aliyeipendekeza sasa wamesimama pamoja kwenye sita. Hiyo ni busara ya zamani ya lugha yetu, kuuficha ushindi wa mtu mmoja ndani ya sauti ya wote. Tatizo linaanza pale umbo hilo hilo linapobebeshwa kazi. Kazi inataka kauli ya kutenda, mtenda mmoja anayetajwa, na wakati ujao: ‘Mweka hazina atanunua.’

Kwa bahati nzuri, viambishi vya Kiswahili humsaidia katibu kusikia tofauti hiyo hata kabla hajaandika. Nimezoea kuwaambia wanafunzi wasikilize mwanzo wa kitenzi. Ukisikia ni-, kama katika ‘nitanunua’, umesikia ahadi, andika jina. Ukisikia u- au a-, kama katika ‘fundi apime’, umesikia agizo, na agizo halijawa kazi mpaka mwenyewe aitike. Tafuta jibu lake. Ukisikia tu-, kama katika ‘tununue’ au ‘tuone’, umesikia nia ya wote, ambayo bado haina mikono. Na ukisikia i- ya ‘itabidi’ au ‘inafaa’, au kitenzi cha kutendwa kama ‘ataonwa’, jua kwamba mfanyaji hayupo kabisa.

Turudi kwenye rekodi na kipimo hicho. Katika dakika moja na nusu ile, kuna ni- moja tu: ‘Mimi nitanunua Ijumaa.’ Ndiyo ahadi pekee yenye mtu na siku. Kumbukumbu za kijana wetu zimeiacha nje! Badala yake zimeandika ‘inunuliwe’. Fundi ameagizwa kupima, ila hakuitika wala hakupewa siku. Alirukia swali la mwenye shamba. Na kwa mwenye shamba hakuna mtu wala siku. Tunaona basi kwamba kikao kilichojiona kimemaliza mambo kilitoka na kazi moja iliyokamilika, moja nusu, na moja isiyo na mwenyewe.

Je, katibu afanye nini na hiyo isiyo na mwenyewe? Wapo wanaoijaza wao. Anamjua kijana fulani kuwa jirani ya mwenye shamba, basi anaandika jina la kijana. Nia ni njema, lakini hapo ameacha kuwa katibu amekuwa kikao. Wapo pia wanaoificha kwa ‘ilikubaliwa aonwe’, kama tulivyoona. Njia ya haki ni ya tatu: kuandika pengo kama pengo, na kumuuliza mwenyekiti kabla ya kusambaza. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: ‘Omogaka mwenyekiti, habari ya jioni. Naandika kumbukumbu za leo. Kwenye mwenye shamba sikusikia ni nani atakwenda wala lini. Naomba unielekeze.’ Mzee akijibu, jibu lake linaingizwa, lakini kwa alama kwamba limekuja baada ya mkutano na tarehe yake. Bila alama hiyo, kumbukumbu zitadai kikao kilisema kisichosema, na siku ya mvutano rekodi itawaumbua.

La nne ni ndogo kwa maandishi lakini imewahi kuwapotezea watu siku nzima. ‘Saa tatu’ ya Kiswahili ni saa tatu tangu kuche, na ndiyo maana kijana akauliza ‘Naini?’ kwa hesabu ya Kiingereza. Wote wawili walikuwa sahihi na walielewana. Katibu alipogeuza maneno kuwa tarakimu ‘3:00’, alichukua neno la mfumo mmoja akaliandika kwa sura ya mfumo mwingine. Andika kwa maneno na utaje sehemu ya siku: ‘saa tatu asubuhi’. Vivyo hivyo ‘Ijumaa’, ‘kesho kutwa’, ‘wiki ijayo’ zina maana kwa aliyekuwapo Jumanne. Anayesoma Alhamisi au mwezi mmoja baadaye anahitaji tarehe. Kila neno la wakati lipimwe kutoka siku ya rekodi, si kutoka siku ya kuandika.

Baada ya marekebisho hayo, vifungu vyetu vitasomeka hivi:

KUMB. 4/3/2025: SARUJI. Mwenyekiti alipendekeza mifuko minane. Pendekezo lilipingwa kwa kuwa fedha zilizopo zinatosha mifuko sita. Uamuzi: Iliamuliwa kwamba mifuko sita inunuliwe kwanza, ukuta upimwe, kisha haja ya kuongeza itazamwe. Kazi: Mweka hazina atanunua mifuko sita Ijumaa, 7 Machi 2025. Kazi ya kuthibitishwa: Fundi alitajwa kupima ukuta; hakuitika wala siku haikutajwa.

KUMB. 5/3/2025: MIKARATUSI. Fundi alieleza kwamba miti iliyo juu ya chemchemi ni lazima iondolewe, na kwamba ni mali ya mwenye shamba. Uamuzi: Hakuna. Kazi isiyo na mwenyewe: Mwenyekiti alisema mwenye shamba ataonwa, hakutajwa wa kwenda. (Nyongeza baada ya mkutano, 5 Machi 2025: mwenyekiti atakwenda mwenyewe Alhamisi, 6 Machi.)

KUMB. 6/3/2025: MKUTANO UJAO. Jumamosi, 8 Machi 2025, saa tatu asubuhi, kwenye chemchemi.

Msomaji ataona mambo mawili. Kwanza, neno ‘kwanza’ limehifadhiwa. Uamuzi wa kununua sita na uamuzi wa kununua sita kwanza si mmoja. Wa pili una mlango uliobaki wazi baada ya kipimo, na mlango huo ndio uliomfanya mwenyekiti akubali kushuka kutoka minane. Maneno madogo ya aina hii, ‘kwanza’, ‘ikiwezekana’, ‘tukipata’, ‘mpaka’, ndiyo masharti ya uamuzi. Katibu akifupisha, afupishe maelezo na hoja, asiyaguse haya. Pili, kuhusu miti nimeandika ‘Hakuna’. Kauli ya fundi ilikuwa nzito na yenye ‘lazima’, lakini ilikuwa kauli ya mtaalamu mmoja. Hakuna aliyeipinga na hakuna aliyeipitisha. Kuandika ‘ilisisitizwa kwamba iondolewe’ kunaipa sura ya amri ya kikundi, na mtu akishika msumeno kwa amri hiyo kabla mwenye shamba hajaonwa, mradi wa maji umegeuka kesi ya mashamba. Sisi watu wa milima hii tunazijua kesi za mashamba.

Kuna jambo la mipaka ambalo sitaki kuliruka. Rekodi inanasa zaidi ya ajenda. Kabla ya mkutano kuanza, mtu anaeleza ugonjwa wa mwanawe. Katikati, mwingine anamsema jirani asiyekuwapo. Sauti ya mtu anayetambulika ni data yake, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Basi mwenyekiti atangaze kwamba mkutano unarekodiwa, aseme kwa nini, na wote wakubali, sauti za kukubali zikisikika. Hizo habari za kando zisiingie kwenye kumbukumbu hata kama zinafurahisha. Kuhusu rekodi yenyewe, ushauri wangu ni ihifadhiwe na katibu peke yake mpaka kumbukumbu zitakapothibitishwa, kisha ifutwe, isipokuwa kikundi kiwe kimeamua vinginevyo mapema. Kuituma katika kundi la WhatsApp ‘ili kila mtu ajisikilizie’ ni kulikimbia jukumu la uandishi. Tena ni kuwapa watu dakika 52 za kugombania badala ya ukurasa mmoja wa kufuata.

Wengine watasema hivi ni kulikausha zungumzo, na kwamba kumbukumbu za ‘kazi’ na ‘uamuzi’ zinaua utu wa baraza. Nawaelewa. Lakini utu wa baraza la watu saba haukai katika ‘lilijadiliwa kwa kina’. Sentensi hiyo haina habari yoyote ndani yake. Ukiifuta hakuna kinachopotea. Utu unaonekana zaidi pale pingamizi la mama mzee linapoandikwa pamoja na sababu yake, kwa sentensi moja, hata kama jina lake halikutajwa. Anayesoma ataelewa kwa nini ni sita na si minane, na hatamlaumu mweka hazina kwa ubahili.

Nimalizie kwa kile kifungu ambacho wanafunzi hukidharau kuliko vyote: ‘Yaliyotokana na kumbukumbu za mkutano uliotangulia’. Kwa kawaida hujazwa kwa ‘hapakuwa na jambo lililoibuka’. Katika kumbukumbu zilizoandikwa kwa ‘aonwe’ na ‘inunuliwe’ hilo ni kweli kabisa, kwa kuwa hakuna anayeweza kuulizwa. Katika kumbukumbu zenye majina na tarehe, kifungu hicho ndicho cha kwanza kupata uhai. Jumamosi ile saa tatu asubuhi, pale kwenye chemchemi, katibu anasoma mistari ya kazi peke yake, mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila mmoja ananyamaza. Mweka hazina anasema saruji iko, mifuko sita, imewekwa juu ya mbao isishikwe na unyevu. Mwenyekiti anaeleza alichoambiwa na mwenye shamba. Fundi anatoa utepe wa kupimia. Haitachukua dakika kumi, kisha mkutano mpya uanze.